Mchezo wa mwiba: kisa cha darasa la awali lililokwama kwenye kuruka kwa mguu mmoja

Majina yaliyomo humu si ya kweli, na mambo yanayoweza kumtambulisha mtoto, mzazi au shule nimeyaondoa au nimeyabadilisha. Mwalimu wa darasa linalozungumziwa ni mimi mwenyewe.

Darasa na uwanja

Shule ni ya msingi, ya serikali, na iko mkoani Mbeya, upande ule wa milimani unaopata mvua karibu mwaka mzima. Uwanja wake ni mteremko. Sehemu tambarare ni ndogo mno, na hiyo hutumiwa na madarasa ya juu kwa mpira. Sisi wa awali tulipewa kipande cha nyasi kilicho kati ya jiko la uji na mstari wa milingoti, chenye mwinuko mdogo unaopanda kuelekea kwenye miti.

Watoto walikuwa 58. Wengi walikuwa na miaka 5, wachache hawajafika, na kadhaa walikuwa wamegusa 6. Nilikuwa peke yangu, isipokuwa siku mbili kwa wiki ambapo mwalimu wa darasa la kwanza alikuja kunisaidia. Vifaa vya kununua hatukuwa navyo. Tulikuwa na majivu ya jikoni, kamba za migomba, viroba vitupu, na gogo moja la mlingoti lililoachwa na mafundi.

Nilitaka mambo matatu kwa mwaka ule: kila mtoto aweze kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba sana, aweze kuruka kwa miguu miwili na kutua vizuri, na aweze kuruka kwa mguu mmoja mara kadhaa mfululizo. Mambo mawili ya kwanza nilidhani yangekuja yenyewe. Nilianza na la tatu, kwa sababu nilikuwa na mchezo mzuri.

Mchezo ulivyokuwa

Mchezo niliuita mwiba. Mtoto anajifanya amekanyaga mwiba shambani. Anaukunja mguu ulioumia, anaushika kwa mkono kwa nyuma, kisha anaruka kwa mguu uliobaki hadi kwa bibi aliyeketi upande wa pili. Bibi, ambaye ni mtoto mwenzake aliyejifunga kanga, anautoa mwiba kwa ukucha, anapuliza na kusema "pole mjukuu wangu", na mtoto anarudi mbio. Watoto waliupenda kuliko mchezo wowote niliowahi kuwaletea. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mwiba ni nini.

Niliwagawa katika mistari miwili, kila mstari na bibi yake, umbali wa kama hatua 15 za mtu mzima. Mstari utakaomaliza kwanza ndio mshindi. Anayegusa chini kwa mguu wenye mwiba anarudi mwanzo.

Tulicheza hivyo kwa wiki tatu, Mei na mwanzoni mwa Juni. Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya tatu niliona kwamba sauti za kushangilia zilikuwa za watoto wale wale. Wengine walikuwa wamejifunza jambo moja tu, nalo ni kurudi nyuma ya mstari kimyakimya ili zamu isiwafikie.

Mmoja wao nitamwita Baraka. Alikuwa na miaka 5 na miezi michache, mtoto mchangamfu darasani. Kwenye mwiba alikuwa akiruka mara moja, anaanguka upande, anarudishwa mwanzo, anaanguka tena, na mstari mzima unampigia kelele. Siku moja nilimshika mkono nikamsogeza mbele. Akaniambia, "Madam, mguu wangu hautaki." Nilimjibu ajaribu tu, nikiamini ni uoga. Mama yake nilipomuuliza alisema nyumbani Baraka anapanda miti na kukimbia kuliko dada zake. Jibu hilo lilinithibitishia kwamba mtoto anadeka, kumbe lilipaswa kunishtua: mtoto anayekimbia na kupanda miti hana sababu ya kudeka kwenye mchezo anaoupenda.

Tulichokiona tulipoacha kushindanisha

Aliyenifungua macho ni mwenzangu wa darasa la kwanza. Alikaa pembeni na saa yake, akamchagua mtoto mmoja bila kuniambia ni nani, akamfuata kwa macho kipindi kizima cha dakika 20. Mtoto yule alipata zamu mbili. Zamu ya kwanza aliruka mara nne, ya pili mara tatu. Dakika zilizobaki alisimama. Kwa hiyo kipindi nilichokiita cha mazoezi kilimpa miruko saba.

Baada ya hapo tuliacha mbio kwa muda na kuwatazama watoto wakiruka mmoja mmoja, sisi tukisimama ubavuni mwao. Ukisimama mbele ya mtoto huoni kitu. Ukisimama ubavuni unaona goti, kifundo cha mguu na mikono kwa pamoja. Wale waliokuwa washindi walikuwa wakisonga, ndiyo, lakini kwa mguu uliokakamaa kama mchi, wakitua kwa unyayo mzima, kishindo kikisikika. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa nyuma ukishika mguu, na ule mwingine ukipepesuka hewani kutafuta usalama.

Nilitazama mara kadhaa kabla ya kukubali kwamba kosa lilikuwa ndani ya mchezo wangu. Mtoto anaporuka kwa mguu mmoja vizuri, mguu uliokunjwa haulali. Unapunga nyuma na mbele kama mtoto wa kengele, na unapopunga mbele ndipo unapouinua mwili. Mikono nayo inasukuma kwa wakati huo huo. Nilipowaambia washike mguu kwa nyuma nilikuwa nimewanyang'anya mguu huo na mkono mmoja kwa mpigo, nikawaachia goti la mguu wa chini lifanye kazi yote.

Jaribio la pili lilikuwa jepesi zaidi. Wakati wa foleni ya uji, kila siku watoto 15 hivi, nilimwomba kila mmoja asimame kwa mguu mmoja, mikono huru, nami nahesabu kimoyomoyo kwa kutazama saa. Mtoto wa miaka 4 kwa kawaida hufikia sekunde 5 hivi, na wa miaka 5 hukaribia 10 kwa mguu anaouamini. Katika darasa langu watoto 19 hawakufika 5. Baraka alisimama sekunde 4 kwa mguu wa kulia na 2 kwa wa kushoto. Halafu nikaona viatu vyake. Vilikuwa vya kaka yake, vyeusi vya ngozi, vimejazwa karatasi puani. Alipovivua alisimama sekunde 6 kwa mguu wa kulia.

Hapo maneno ya "mguu wangu hautaki" yakawa na maana. Kuruka kwa mguu mmoja ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu mguu ule ule unaourusha mwili ndio unaoupokea, na kati ya kutua na kuruka tena kuna kipande kidogo cha muda ambapo mtoto amesimama kwa mguu mmoja huku mwili ukiwa bado unakwenda. Asiyeweza kusimama kwa mguu huo akiwa ametulia hupata shida zaidi kusimama juu yake akiwa katika mwendo. Kukimbia hakumdai hivyo, maana kila hatua mguu wa pili unakuja kumwokoa. Kupanda mti nako mikono inasaidia.

Uamuzi tuliofanya na sababu zake

Likizo ya Juni ilitupa nafasi ya kupanga. Muhula ulipofunguliwa Julai tulianza upya, kwa wiki nane, siku nne kwa wiki. Mwiba tuliuweka kando wiki tatu za mwanzo.

Mchezo wa kwanza ulikuwa korongo. Watoto wanatembea wakitafuta samaki, mvuvi amewapa mgongo. Mvuvi akigeuka, kila korongo anasimama kwa mguu mmoja. Tulianza kwa hesabu ya tatu na tukapanda taratibu. Anayegusa chini hatolewi, anabadilisha mguu na kuendelea. Hili la kutomtoa mtoto tulilibishania sana mimi na mwenzangu, maana yeye aliona mchezo usio na kutoka hauna utamu. Hoja yangu ilikuwa kwamba anayetolewa kwanza ndiye hasa anayehitaji kusimama mara nyingi zaidi. Tukajaribu, na utamu haukupungua, kwa kuwa watoto wa umri huo hucheza na mvuvi, hawachezi na nani amebaki. Tuliwaambia pia wachague mlingoti mmoja na kuutazama. Macho yakitulia kwenye kitu kisichosogea, mwili hutulia. Mtoto anayetazama miguu yake huyumba upesi.

Mchezo wa pili ulikuwa wa kuruka kwa miguu miwili, na hapa nilifanya kosa la jina. Niliuita chura. Watoto wawili wakakataa kabisa, na mmoja akaanza kulia. Mwenzangu ndiye aliyeelewa haraka: kaka zao wakubwa hurushwa kichura kama adhabu, na wadogo wamewaona. Tukaubadilisha ukawa panzi, na kilio kikaisha. Ilikuwa bahati nzuri hata kwa ufundi wenyewe, kwa kuwa kuruka kichura kunaanzia kwenye kuchuchumaa kabisa, wakati tulichotaka ni magoti kukunjwa kiasi, mikono kurudi nyuma, kisha yote kufunguka kwa pamoja.

Panzi anavuka mto. Mto tuliuchora kwa majivu, mistari miwili iliyokaribiana upande mmoja na kuachana upande wa pili, upana wa shibiri moja kwenye chemchemi na zaidi ya hatua ya mtu mzima kule chini. Mtoto anachagua mwenyewe pa kuvukia. Wazo hili si langu. Muska Mosston, aliyeandika kuhusu mitindo ya kufundisha michezo tangu miaka ya 1960, alionyesha kamba iliyofungwa mshazari, juu upande mmoja na chini upande mwingine, ili kila mtoto aruke mahali panapolingana naye. Majivu yanafanya kazi ile ile chini, na yana faida kwamba mtoto aliyegusa maji anajiona mwenyewe kwenye soli.

Kwenye panzi nilitazama vitu viwili tu. Je, miguu inaondoka pamoja na kutua pamoja? Mtoto ambaye hajakomaa hutanguliza mguu mmoja, na kwa mbali unaweza kudhani ameruka kumbe amepiga hatua kubwa. La pili, je, kutua kwake kunasikika? Niliwaambia panzi akitua hasikiki. Ili asisikike mtoto hana njia ila kukunja magoti na vifundo, na mkunjo huo ndio atakaouhitaji baadaye akitua kwa mguu mmoja.

Gogo la mlingoti tulilitumia kwa kutembea juu yake na kuruka chini. Wiki ya pili, asubuhi yenye umande, msichana mmoja aliteleza akakata kidevu. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini lawama ni yangu. Gogo lilikuwa mviringo, limelowa, na halijafukiwa. Tulilifukia hadi nusu, tukachonga juu yake pakawa bapa, tukaweka viroba vilivyojazwa nyasi kavu pembeni, na tukakubaliana kwamba haliguswi kabla ya jua kukausha nyasi. Kwa kuruka chini, kimo hakizidi goti la mtoto mwenyewe.

Viatu tulivivua. Kwetu hilo si jambo dogo, kwani Julai asubuhi ni baridi ya kutetemesha na wazazi hawapendi kusikia mtoto amevuliwa viatu. Tulihamisha kipindi kutoka asubuhi hadi baada ya uji, tukafagia uwanja kila siku, na watoto waliosha miguu kabla ya kuvaa. Wakati wa kuosha nilikagua vidole kutafuta funza. Wazazi watatu walikuja kuuliza, na walipoelezwa na kuonyeshwa uwanja walikubali.

Wiki ya nne mwiba ukarudi, ukiwa mwingine. Mabibi hawakuwa wawili tena, walikuwa kumi, wameketi kwenye duara zao za majivu upande wa juu wa mteremko, na kila bibi alikuwa na wajukuu wanne au watano. Umbali ulipungua hadi miruko minne au mitano. Hakuna kushika mguu: mikono inapunga kumwita bibi. Akigusa chini anapumua, kisha anaendelea kutoka pale pale. Na bibi akishatoa mwiba, anasema umehamia mguu wa pili, hivyo mtoto anarudi kwa matembezi ya kawaida, na zamu inayofuata ni ya mguu ule mwingine. Hakukuwa na kushindana.

Matokeo

Mwisho wa wiki ya nane, watoto ambao hawakufika sekunde 5 walikuwa wamebaki 7 kati ya wale 19. Mwenzangu alipomfuata tena mtoto mmoja kwa macho, alihesabu miruko 46 ya mguu mmoja katika kipindi kimoja. Baraka aliruka mara tano mfululizo kwa mguu wa kulia na mara mbili kwa wa kushoto. Alikuwa amepata viatu vinavyomtosha, alivyonunuliwa na mama yake mnadani.

Mtoto mmoja hakubadilika. Hata kwenye panzi miguu yake haikuondoka chini kwa pamoja baada ya wiki nane, alijikwaa kwenye sehemu tambarare, na kupanda ngazi mbili za darasa alihitaji kushika ukuta. Hatukumwongezea mazoezi. Tulimwita mzazi, tukamweleza tulichoona bila kutaja ugonjwa wowote, na tukamshauri ampeleke kituo cha afya. Alimpeleka. Yaliyofuata ni ya familia.

Uchambuzi

Kilichozaa mabadiliko zaidi ni mabibi kumi, na hili nalisema kwa uhakika kuliko jambo lingine lolote katika kisa hiki. Kutoka miruko saba hadi 46 hakukuhitaji uwanja mpya wala walimu wapya. Kulihitaji kuvunja mstari. Foleni ndefu inampa mwalimu utulivu, na ndiyo maana nilikuwa nimeipenda.

Mteremko nilikuwa nikiulaumu tangu nifike shuleni, lakini kwa kazi hii ulitusaidia. Mtoto anayeruka kupanda kidogo hawezi kwenda kasi, na ardhi inayopanda inamfanya atue kwa sehemu ya mbele ya mguu. Kushuka ni kinyume chake: mwili unavutwa, mguu unakakamaa kuzuia, na kishindo kinakwenda hadi gotini. Ndiyo sababu kurudi kulikuwa kwa kutembea.

Jambo moja nililolazimisha lilishindikana. Baada ya kuelewa kazi ya mguu unaopunga, nilitaka wote waufanye. Asubuhi za ukungu niliwaambia kila wakiruka waupige ukungu teke kwa mguu uliokunjwa. Watoto wa awali walipiga teke kweli, wakaanguka chali. Mwenzangu alijaribu maneno yale yale kwa darasa la kwanza, na karibu nusu yao waliyaelewa miilini mwao ndani ya siku chache. Kipimo cha Dale Ulrich kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1985, cha watoto wa miaka 3 hadi 10, kinaangalia kama mguu uliokunjwa unapunga na kama mikono inasaidia, hakitazami tu mtoto ameruka mara ngapi. Lakini kutazama jambo si sawa na kulidai. Kwa mtoto wa miaka 5 ilitosha kuuacha mguu ule uwe huru, upunge utakapokuwa tayari.

Mashindano nayo yalirudi, nje ya mpango wangu. Siku ya wazazi niliombwa nionyeshe mwiba kama mbio, na sikukataa. Filimbi ilipopigwa, zaidi ya nusu ya watoto waliushika mguu kwa nyuma kama zamani, wakakakamaa na kusonga mbele kwa vishindo. Wiki tano za mikono huru zilipotea kwa sekunde chache. Naamini haikuwa wamesahau. Mtoto akiharakishwa hurudia njia aliyoizoea kwanza, na ile ya kwanza nilikuwa nimewafundisha mimi. Kama ningeanza na korongo Mei ile, pengine wasingekuwa na njia mbaya ya kurudia.

Kuna dosari pia kwenye kumbukumbu zangu. Mwanzoni, isipokuwa kwa Baraka na wachache, niliandika sekunde za mguu mmoja tu, ule mzuri zaidi. Kwa hiyo naweza kusema watoto 12 waliimarika kwa mguu wanaouamini, ila kuhusu mguu wa pili, ambao ndio huchelewa na ndio tuliouhangaikia kwa mwiba unaohama, sina cha kulinganisha. Daftari la Januari lina safu mbili kwa kila mtoto, kulia na kushoto, na safu ya tatu nyembamba ya kuandika kama alikuwa na viatu.